Duara, duaradufu au mraba: ni tundu lipi linaloliacha bamba na nguvu zaidi?

Bamba la chuma likitobolewa, wengi huhesabu kilichobaki. Lilikuwa na upana wa mm 300, tundu limechukua mm 60, zimebaki mm 240. Basi limepoteza moja ya tano ya nguvu zake na kazi iendelee. Hesabu hiyo ni sahihi kwa wastani wa mkazo. Tatizo ni kwamba ufa hauanzii kwenye wastani. Huanzia ukingoni mwa tundu, mahali ambapo mkazo waweza kuwa mara tatu au mara tano ya ule ulio mbali na tundu, na kwenye kona kali hupanda kupita hapo. Kinachoamua ni mara ngapi ni umbo la tundu na jinsi lilivyolazwa kufuata nguvu inayolivuta bamba. Kiasi cha chuma kilichoondolewa kina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, na nitaonyesha hapa chini tundu kubwa linaloliacha bamba likiwa imara kuliko tundu dogo.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Bamba lina upana wa mm 300 na unene wa mm 10. Linavutwa kwa urefu wake na nguvu ya kN 150, na nguvu hiyo inakuja na kuondoka maelfu kwa maelfu ya mara katika maisha ya mashine. Katikati ya bamba lazima lipite bomba lenye kipenyo cha mm 60. Mkazo mbali na tundu ni nguvu kugawanywa kwa eneo la mkato: newtoni 150,000 kwa milimita za mraba 3,000, yaani 50 MPa. Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi, ambacho huanza kunyooka bila kurudi kwenye MPa 235 hivi, huo ni mkazo mdogo sana. Swali ni umbo gani la kukata.

Kwa nini mkazo hujikusanya

Lifikirie bamba kuwa limegawanywa katika vipande vyembamba vinavyolala kufuata nguvu, kila kimoja kikibeba sehemu yake. Ukitoboa tundu, vipande vya katikati vimekatika. Mzigo wao haupotei; lazima uhamie kwa majirani kabla ya kufika kwenye tundu, kisha urudi baada ya kulipita. Uhamisho huo hufanywa na mkazo wa kukata kati ya kipande na kipande, na huo hufanya kazi kwa umbali mfupi tu. Kwa hiyo kipande kilicho ukingoni hasa mwa tundu hupokea mzigo mkubwa, kinachofuata hupokea kidogo, na kilicho mbali karibu hakijui kama kuna tundu.

Mjerumani Kirsch alilipigia hesabu tundu la duara mwaka 1898, na jibu lake bado ndilo linalotumika. Katika bamba pana linalovutwa upande mmoja, mkazo ukingoni mwa tundu, kwenye pande mbili zilizo kulia na kushoto kwa mwelekeo wa nguvu, ni mara 3 ya mkazo wa mbali. Ukisogea kutoka ukingoni umbali ulio sawa na nusukipenyo cha tundu, umeshashuka hadi mara 1.22. Ukisogea mara mbili ya hapo, ni 1.07. Hivyo eneo lililo hatarini ni dogo, na ndiyo maana wastani unaficha mambo.

Jibu lake lina mambo mengine mawili ambayo mbunifu anapaswa kuyashika. La kwanza, ile mara 3 haitegemei ukubwa wa tundu. Tundu la mm 5 na tundu la mm 50 katika bamba pana yanazidisha mkazo sawasawa, na tofauti huja pale tundu linapoanza kula sehemu kubwa ya upana. La pili ni la thamani zaidi kwa ulinganisho wetu: kwenye ncha mbili za tundu zinazotazamana na nguvu, mbele na nyuma, chuma hakivutwi kabisa. Kinabanwa kidogo tu. Kipo pale, kina uzito, lakini hakisaidii kubeba mzigo.

Duara dhidi ya duaradufu

Tuanze na duara la mm 60 katika bamba letu. Baada ya tundu, upana uliobaki ni mm 240, na wastani wa mkazo katika mkato huo ni 62.5 MPa. Kwa bamba lenye upana wenye mwisho, kuna kanuni fupi ya kukadiria kizidishi juu ya wastani huo:

```
K = 2 + (1 - d/W)^3
```

Hapa d ni kipenyo cha tundu na W ni upana wa bamba. Kwetu d/W ni 0.2, kwa hiyo K ni 2.51, na mkazo ukingoni ni 62.5 mara 2.51, yaani kama 157 MPa. Bado chuma hakijaanza kunyooka, lakini tumetoka 50 hadi 157 kwa sababu ya tundu ambalo hesabu ya haraka ilisema limepunguza moja ya tano tu.

Sasa refusha tundu lile kufuata mwelekeo wa nguvu: duaradufu yenye upana uleule wa mm 60, lakini urefu wa mm 120. Mhandisi Mwingereza Inglis alitoa kanuni ya umbo hili mwaka 1913. Kizidishi, safari hii juu ya mkazo wa mbali, ni 1 kujumlisha mara mbili ya upana unaokatisha nguvu, kugawanya kwa urefu unaoifuata. Kwetu ni 1 + 2 × 60/120, yaani 2. Mkazo ni 100 MPa katika bamba lisilo na mwisho wa upana. Kwa bamba letu lenye mm 300 nakadiria kama 110.

Hapo tumeondoa chuma mara mbili ya kile tulichoondoa kwa duara, na mkazo wa juu kabisa umeshuka kwa karibu theluthi. Siri yake ni kile chuma cha mbele na nyuma ya duara ambacho hakikuwa kinafanya kazi. Tumekitoa, na badala yake tumewapa vipande vya pembeni nafasi ndefu zaidi ya kupokea mzigo polepole. Mzigo haulazimiki tena kujipinda kwa ghafla.

Lakini geuza duaradufu ileile kwa nyuzi 90, ilale ikiwa imekingama mbele ya nguvu, na kanuni ileile inatoa 1 + 2 × 120/60, yaani 5. Hiyo ni 250 MPa kabla hata ya kuongeza athari ya upana, na tayari chuma cha ukingoni kimepita kiwango chake cha kunyooka. Umbo moja, kazi ileile ya fundi, na matokeo yanayopishana zaidi ya mara mbili.

| Mwanya | Upana unaokatisha nguvu | Urefu unaofuata nguvu | Mkazo wa juu kabisa |
|---|---|---|---|
| Duara | mm 60 | mm 60 | kama 157 MPa |
| Duaradufu inayofuata nguvu | mm 60 | mm 120 | kama 110 MPa |
| Duaradufu iliyokingama | mm 120 | mm 60 | zaidi ya 250 MPa |
| Mraba wenye kona kali | mm 60 | mm 60 | hesabu haina kikomo |

Kukata duaradufu kamili kunahitaji mashine inayofuata mchoro. Kama huna, kuna mwanya mrefu wenye ncha za nusu duara: toboa matundu mawili ya mm 60 yaliyofuatana kwenye mstari wa nguvu, kisha ondoa kilicho katikati. Mkazo wake hukaa kati ya ule wa duara na ule wa duaradufu. Kwa kazi nyingi hilo ndilo ningelichagua, kwa sababu keekee na msumeno vinatosha na ukingo unatoka laini.

Hata hivyo, faida yote hii inasimama juu ya sharti moja: ujue nguvu inatoka wapi na isigeuke. Ikiwa bamba linavutwa sawasawa pande zote mbili, duara hushuka hadi kizidishi cha 2 na ndilo bora. Ikiwa ni ukuta wa tangi la umbo la pipa lenye presha ndani, mvutano wa kuzunguka ni mara mbili ya ule wa urefu. Hapo duara hutoa 2.5, na duaradufu ya 2 kwa 1 iliyolazwa kufuata mzunguko hutoa 1.5 tu. Na bamba linalosukumwa kama karatasi inayovutwa kona kwa kona hupandisha duara hadi 4. Kwa hiyo pale mzigo unapobadilika mwelekeo, au usipoujua, chagua duara. Haliwi bora kabisa mara nyingi, lakini kwa mzigo wowote kati ya hiyo haligeuki kuwa hatari kwa sababu tu limelazwa vibaya.

Mraba na kona zake

Kuna nyakati ambapo mwanya lazima uwe wa pembe nne: mlango, kifuniko, dirisha. Hapo mjadala wote ni wa kona. Kona kali kwa hesabu haina kikomo cha mkazo, kwani mzigo unatakiwa kugeuka mahali pasipo na nafasi ya kugeukia. Katika chuma halisi kona huwa na mviringo kidogo kila mara, hata ule wa ncha ya kifaa kilichokata, na mviringo huo ndio unaoamua.

Kwa kona ya nyuzi 90 iliyozungushwa kidogo, mkazo hupanda takriban kwa kinyume cha nusukipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha 0.455. Kwa lugha ya karakana: ukipunguza nusukipenyo cha kona kwa nusu, mkazo huongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ukitoka mm 1.5 kwenda mm 6, mkazo hushuka karibu hadi nusu. Hakuna uimarishaji mwingine ninaoujua unaotoa faida hiyo kwa gharama ya kubadilisha namba moja kwenye mchoro. Kanuni hii ni ya kona ndogo tu ikilinganishwa na upande. Mviringo ukishakuwa mkubwa, faida ya kuongeza huanza kupungua, na mraba unaelekea kuwa duara.

Mwelekeo nao una neno hapa. Mraba ulio na pande zinazofuata nguvu una kona nne zinazoshiriki kazi. Ukiugeuza ukae kama almasi, kona mbili zinaelekea kulia na kushoto, palepale ambapo duara tayari lina mkazo wake mkubwa. Kwa mzigo wa kuvuta upande mmoja, huo ni uchaguzi mbaya.

Wanaotumia kompyuta kukadiria mkazo huu wajue mtego mmoja. Kona kali ikichorwa kali kabisa, programu itatoa namba yoyote kulingana na ulivyogawanya bamba. Gawanya upya vipande vya kona kwa nusu na uangalie. Namba ikitulia, ni mkazo halisi. Ikipanda kila mara, unachokiona ni hesabu isiyo na mwisho, na inabidi uuchore mviringo wa kona kama utakavyokatwa.

Tofauti hizi zimeshalipiwa gharama baharini na angani. Meli za mizigo za Liberty za Marekani, zilizojengwa kwa maelfu kati ya 1941 na 1945, zilikuwa na milango ya sitaha yenye kona za mraba, na nyufa nyingi zilianzia kwenye kona hizo. Chuma cha wakati ule kilikuwa dhaifu kwenye baridi, na sitaha zilizochomelewa badala ya kupigiliwa riveti ziliuacha ufa uendelee bila kukutana na kiungo cha kuuzuia. Marekebisho yalihusisha kuzungusha kona na kuziimarisha.

Ndege ya abiria ya Comet inafundisha jambo tofauti kidogo. Mbili zilivunjika angani mwaka 1954, Januari na Aprili. Katika ile ya Januari ufa ulianzia kwenye tundu la kifungio karibu na kona ya dirisha la antena juu ya paa. Madirisha yale hayakuwa na kona kali, yalikuwa yamezungushwa. Lakini mkazo kwenye kona ulikuwa bado mkubwa kuliko wabunifu walivyokadiria, na matundu madogo ya vifungio yaliwekwa palepale. Mwili wa ndege nyingine ya aina hiyo, uliojazwa presha mara kwa mara ndani ya tangi la maji huko Farnborough, ulipasuka baada ya mizunguko kama 3,000.

Tundu juu ya tundu

Hilo la Comet linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalosahaulika sana kwenye karakana. Kizidishi hukutana na kizidishi kwa kuzidishwa. Duara lina 3. Ukiwa na mkwaruzo mdogo wa nusu duara ukingoni mwake, kwenye upande wenye mkazo mkubwa, huo nao una kizidishi chake cha 3 hivi, na chini ya mkwaruzo mkazo hukaribia mara 9 ya ule wa mbali. Kwa hiyo duara lililotobolewa kwa keekee butu, lenye makali yaliyochanika, laweza kuwa baya kuliko hata duaradufu iliyokingama iliyosafishwa vizuri.

Tundu lililokatwa kwa moto linastahili tahadhari zaidi, kwani ukingo wake huwa mgumu na una mifereji. Usage kwa tupa au jiwe hadi mifereji iishe, na mikwaruzo ya mwisho ielekee kufuata nguvu kwenye pande mbili zenye hatari, isikatishe. Ukingo wa juu na chini wa tundu nao uvunjwe makali. Unaweza kukagua kwa kidole, kisha kwa rangi ya kupenya nyufa kama bamba ni la kazi nzito.

Kwa sababu hiyohiyo, ikiwa bomba letu linahitaji bolti za kulishika, usizipange kulia na kushoto kwa tundu kubwa, karibu na ukingo. Zipange mbele na nyuma, kwenye mstari wa nguvu, ndani ya lile eneo lisilofanya kazi. Zikiwa pale hazina madhara ya tundu juu ya tundu, na tena hupunguza kidogo mkazo wa tundu kubwa, kwani zinaanza kuusogeza mzigo pembeni kabla haujafika. Matundu madogo ya kusaidia namna hii huongezwa makusudi pale ambapo umbo la tundu kuu haliwezi kubadilishwa.

Kubadili umbo au kuongeza chuma?

Njia ya kwanza inayowajia wengi ni kuongeza unene. Ukilifanya bamba lote kuwa mm 20, mkazo wote unashuka kwa nusu, lakini kizidishi ni kilekile na umeongeza uzito maradufu. Kuchomelea pete kuzunguka tundu peke yake ni nafuu zaidi, na kwa mzigo uliotulia, kama bomba linaloingia kwenye tangi la presha, ni njia nzuri na ya kawaida.

Kwa bamba letu linalovutwa na kuachiwa, singeanza na pete. Ukingo wa mshono wa kuchomelea ni kona mpya, na mara nyingi huwa na mifereji midogo inayoanzisha ufa. Utakuwa umeondoa mkazo kwenye ukingo wa tundu na kuupeleka kwenye mshono, mahali pabaya zaidi kukagua. Katika viungo vya kuchomelewa, maisha ya uchovu, yaani idadi ya mizigo ya kurudiarudia kabla ya kuvunjika, hufuata kinyume cha mkazo ukipandishwa kwa kipeo cha 3. Kwa kipeo hicho, kushuka kutoka 157 hadi 110 MPa kungezidisha maisha karibu mara tatu. Na bamba lisilochomelewa hunufaika zaidi ya hapo, kwani kipeo chake huwa kikubwa. Faida hiyo tunaipata kwa kurefusha tundu, bila mshono hata mmoja.

Aina ya mzigo na ya metali nayo inabadilisha uchaguzi. Bamba la chuma laini linalobeba mzigo uliotulia halitavunjika kwa sababu ya duara: sehemu ndogo ya ukingo itanyooka kidogo, itaukabidhi mzigo wa ziada kwa majirani, na bamba litaishi. Huko hesabu ya wastani tuliyoanza nayo inatosha, na hakuna haja ya kulipia duaradufu. Hesabu ya kizidishi huwa ya lazima pale mzigo unaporudiarudia, au metali inapokuwa ngumu isiyonyooka, kama chuma cha kusubu, au chuma cha kawaida kwenye baridi kali.

Kwa bamba letu basi uamuzi wangu ni huu. Kata mwanya wa mm 60 kwa 120 wenye ncha za nusu duara, urefu ukifuata nguvu, na mashine ikiruhusu uwe duaradufu kamili. Ikiwa kitu kingine kinazuia urefu huo, rudi kwenye duara na usafishe ukingo kwa bidii. Mraba uchaguliwe tu kama kinachopita kina pembe, na kwa nusukipenyo cha kona kikubwa kadiri kinachopita kitakavyoruhusu.

Na bamba likiwa kazini, kagua pande mbili tu: kulia na kushoto kwa mwelekeo wa nguvu. Ukikuta ufa mdogo pale, tafuta ncha yake kwa rangi ya kupenya, kisha toboa tundu dogo linaloimeza ncha hiyo kabisa. Tundu hilo linabadilisha ncha kali ya ufa, yenye nusukipenyo karibu na sifuri, kuwa mviringo wa milimita kadhaa. Likikosea ncha hata kwa milimita moja, ufa utaendelea upande wa pili kana kwamba hukufanya kitu. Na hata likipatikana sawasawa, linanunua muda wa kuandaa bamba jipya. Lile la zamani libadilishwe.